Kumbukumbu isisubiri wiki ya 11

Nafundisha moduli ya saikolojia ya elimu kwa walimu tarajali na karibu kila muhtasari wa kozi niliowahi kupewa umepangwa vilevile: wiki ya 1 maana ya saikolojia, wiki ya 2 mpaka 4 nadharia za Piaget na Vygotsky kuhusu ukuaji wa akili ya mtoto, kisha motisha, kisha nidhamu, na kumbukumbu inakuja wiki ya 11 wakati watu washachoka wanawaza mtihani tu, mtihani wenyewe asilimia 70. Mimi napinga mpangilio huu. Tunamfundisha mtu jinsi akili inavyosahau baada ya kumwacha asahau wiki kumi nzima.

Kwangu kumbukumbu iko wiki ya 2, na usomaji wa wiki hiyo ni mmoja tu, utafiti wa Roediger na Karpicke wa 2006. Waliwapa wanafunzi wa chuo kifungu kifupi wasome, wengine wakakisoma tena mara ya pili, wengine wakakisoma mara moja halafu wakaandika kila walichokumbuka bila kuangalia. Baada ya dakika 5 waliorudia kusoma waliongoza, 81 kwa 75 kwa asilimia. Baada ya wiki moja mambo yakageuka, waliorudia kusoma wakabaki na 42 na wale waliojijaribu 56. Hapo ndo huwa nasimama kidogo darasani, maana kila mtu anajiona pale: ukisoma tena unahisi umeelewa kwa sababu maneno unayatambua, lakini kutambua sio kukumbuka.

Sasa ukishawafundisha hivyo wiki ya 2 huwezi kuendesha kozi kama vile hawajasikia. Kuanzia wiki ya 3 kila kipindi kinaanza na dakika 10 za karatasi tupu, maswali manne: mawili ya wiki iliyopita, moja la wiki mbili tatu nyuma, moja la usomaji wa wiki hii. Siulizi "taja hatua nne za Piaget". Naandika mtoto kasema nini halafu nauliza mwalimu afanye nini na kwa nini. Majibu tunayapitia palepale, kwa sababu kosa likikaa wiki nzima bila kusahihishwa linaota mizizi.

Mwanzoni nilikosea, majaribio haya niliyapa asilimia 30 na watu wakaanza kuchunguliana, ikawa hakuna anayekumbuka kitu bali wanahamisha majibu tu. Siku hizi yote kwa pamoja ni asilimia 10 na unazipata kwa kuhudhuria na kujaribu. Pia nimejifunza kuangalia karatasi zilizo wazi: zaidi ya nusu ya darasa wakiacha swali tupu basi sio kwamba wamesahau, hawakuelewa tangu mwanzo, na hapo jaribio halisaidii, narudi kufundisha upya.

Kazi kubwa ni ripoti ya mtoto mmoja, asilimia 50. Mwalimu tarajali mmoja alimpima mtoto wa miaka 5 kwa lile zoezi la maji la Piaget, gilasi mbili zinazofanana, akamuuliza zina maji sawa? Sawa. Akamimina moja kwenye gilasi nyembamba ndefu mbele ya macho yake, akauliza tena zina maji sawa? Mtoto akaonyesha ile ndefu, hii ina mengi. Ripoti ikaandikwa "hajafikia hatua inayofuata", basi imekwisha. Nikamuuliza, swali umeuliza mara ngapi? Mbili. Na mtoto akiulizwa na mwalimu swali lilelile mara ya pili huwa anaelewa nini? Akanyamaza, kisha akasema, anajua jibu la kwanza lilikuwa kosa.

Ndivyo Rose na Blank walivyoonyesha mwaka 1974 kwa safu za vihesabio na watoto wa darasa la kwanza, walipoacha lile swali la mwanzo wakauliza baada ya kubadilisha safu tu, makosa yakapungua. Kwa hiyo yule mwalimu tarajali akarudi na mtoto mwingine wa umri uleule, akauliza mara moja tu. Naye akasema ndefu ina mengi! Lakini ripoti ya pili ilikuwa kitu kingine kabisa, aliandika mtoto alitazama wapi, alitoa sababu gani ("imepanda juu"), na akasema wazi kwamba watoto wawili hawatoshi kusema lolote kuhusu umri huo, na kwamba kwa yule wa kwanza hajui kama tatizo lilikuwa maji au swali.

Swali hilo la kuuliza mara mbili nalirudisha kwenye karatasi ya wiki ya 7, kisha ya 10, kila mara kwa mtoto mwingine na somo lingine. Mtihani wa mwisho umebaki asilimia 40, na ukurasa wa kwanza ni mazungumzo ya mwalimu na mtoto, wanatafuta mahali ambapo swali la mwalimu ndilo lililobadilisha jibu.