Kulipwa mwezi wa kwanza si ushahidi

Kikoba chetu hapa Moshi kina wanachama 23, na huwa tunakivunja wiki ya pili ya Desemba, kabla watu hawajaanza kupanda milimani kula Krismasi na wazee. Mimi ndiye mweka hazina. Oktoba iliyopita sandukuni kulikuwa na shilingi milioni 9.2, na katika kikao dada mmoja anayeuza mitumba Memorial akasimama na hoja: hizo fedha zimelala, tuziamshe.

Alikuwa na mradi. Kampuni ya kilimo cha parachichi, ofisi yake Arusha, inachukua fedha za watu na kuwalipa faida ya asilimia 30 kila baada ya siku 30, "uhakika". Mtaji unafungwa miezi sita, kisha unarudi mzima. Ukimleta mtu, unapata asilimia 10 ya alichoweka. Sisi tukakunja sura, yeye akatoa simu. "Kaka mhasibu, soma mwenyewe." Ujumbe wa muamala, shilingi 150,000 zimeingia Septemba. Mwingine, 150,000 za Oktoba. Agosti alikuwa ameweka 500,000. Kikao kikabadilika pale pale, kwa sababu wakati wote tumezoea kufikiri kwamba tapeli ni mtu anayechukua halafu halipi.

Tapeli wa namna hii hulipa, tena kwa wakati. Malipo ya mwanzo ndiyo gharama yake ya matangazo, na kinachoumiza ni kwamba hayatoki hata mfukoni mwake. Nilichukua ubao wa watoto wa mwenye nyumba nikaandika hesabu ya dada yetu: 500,000. Asilimia 30 yake ni 150,000. Miezi mitatu ni 450,000. Ongeza kamisheni ya aliyemleta, asilimia 10, yaani 50,000. Jumla, 500,000 kamili.

Kwa miezi mitatu, basi, kampuni inaweza kumlipa "faida" bila kuuza parachichi hata moja na bila kumtafuta mteja mwingine yeyote. Inamrudishia fedha yake kidogo kidogo, naye anashukuru. Ndiyo maana mtaji unafungwa. Usingefungwa, angeweza kuja mwezi wa pili kudai 500,000 yake na kukuta imeshaliwa. Mwezi wa nne ndipo mtu mwingine anapohitajika, na kufikia hapo dada, kwa moyo mweupe kabisa, ameshawaleta wanne.

Jirani yangu kwenye benchi akauliza kama si sawa na mchezo wetu wa kina mama. Hapana, na naona vibaya kwamba sheria yetu na magazeti yanauita utapeli huu "upatu", jina lile lile la kitu cha heshima. Kwenye mchezo watu kumi wanatoa 50,000 kila mmoja, mmoja anabeba 500,000, zamu inazunguka hadi wote wamebeba. Hakuna anayeondoka na zaidi ya alichoweka. Mtu anapokuahidi kwamba wote mtaondoka na zaidi, muulize hiyo ziada inalimwa wapi.

Swali hilo kwa watu wa Kilimanjaro lilipaswa kuwa jepesi, kwani nani kati yetu hajakua na mparachichi kihambani? Mche wa Hass uliobebeshwa vizuri huanza kuzaa cha maana kama mwaka wa tatu. Kampuni inasema imeanza kupanda mwaka huu, na inagawa faida kila siku ya 30. Niliposema hivyo chumba kilicheka, isipokuwa dada. Yeye alisema wana biashara nyingine za kuziba pengo. Biashara gani? Hakujua. Na hata kama ipo, jaribu kuizungusha asilimia 30 kwa mwezi: laki moja, ukiiacha izae juu ya faida yake, baada ya mwaka ni kama milioni 2.3, na baada ya miaka mitatu ni zaidi ya bilioni 1.2. Hatifungani za serikali za muda mrefu, ambazo wenye fedha zao hupanga foleni kuzipata, zimewahi kutoa kama asilimia 15, kwa mwaka mzima. Mwenye biashara inayozaa asilimia 30 kwa mwezi angekopa benki, angelipa riba yote na kubaki tajiri. Asingehitaji vijisenti vya wauza mitumba, achilia mbali kuwalipa kamisheni ya kuletana.

Kilichonitia hofu zaidi kikao kile ni habari ambayo dada aliileta kama neema. Kampuni ilikuwa imetangaza ofa ya Krismasi: weka sasa, baada ya siku 45 unachukua mtaji na faida ya asilimia 50 kwa pamoja. Ofa ikipanda ghafla hivyo, soma kwamba sanduku lao limeanza kukauka. Fedha mpya zinahitajika haraka kuliko zinavyoingia. Na hesabu yenyewe ni kongwe. Asilimia 50 kwa siku 45 ndiyo ahadi aliyoitoa Charles Ponzi huko Boston, Marekani, mwaka 1920. Yeye alisema ananunua kuponi za posta za kimataifa nchi zenye fedha dhaifu na kuzibadilisha Marekani. Gazeti la mji lilipochimba, ikaonekana kwamba kwa fedha alizokusanya zingehitajika kuponi kama milioni 160, wakati zilizokuwa kwenye mzunguko ni kama 27,000. Hakuna aliyehitaji kuona vitabu vyake. Walihesabu kuponi, kama sisi tulivyoweza kuhesabu umri wa mparachichi.

Kwetu pia si jambo geni. Wenye umri wangu wanaikumbuka DECI, iliyosimamishwa na serikali mwaka 2009, na lugha yake ya "kupanda" na "kuvuna". Waliovuna mapema walikuwa mashahidi wazuri sana, na walikuwa wanasema kweli. Walivuna.

Mzee mmoja, mwalimu mstaafu, akauliza kuhusu karatasi. Dada alikuwa nazo: cheti cha BRELA, namba ya mlipakodi, leseni ya biashara ya halmashauri. Zote huenda zilikuwa halali. Cheti cha BRELA kinasema kampuni imesajiliwa, basi. Namba ya TRA inasema inatambulika kwa kodi. Leseni ya halmashauri ukiisoma utakuta imeandikwa biashara gani, na pengine ni kuuza miche. Hakuna hata moja inayomruhusu mtu kupokea amana za umma na kuahidi faida. Hiyo ni ruhusa ya Benki Kuu, au ikiwa ni mfuko wa uwekezaji, ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, na majina ya waliopewa yanatangazwa. Watu wanakosea hapa kila siku: wanaona mihuri mitatu wanaacha kuuliza kama upo ule mmoja unaotakiwa.

Tulipiga kura. Kumi na wanne walikataa, tisa walikubali. Sanduku likabaki salama, ila siwezi kujisifu, kwa sababu waliokubali walikuwa na fedha zao wenyewe. Dada aliongeza 1,500,000 kwenye ofa ya Krismasi, nyingine akiwa amekopa. Wale wanne aliowaleta, akiwemo wifi yake, waliweka 400,000 kila mmoja. Malipo yake ya Novemba yaliingia, 150,000, lakini yalichelewa siku tisa. Waliambiwa mtandao unaboreshwa. Wiki hiyo hiyo kundi la WhatsApp likafungwa, viongozi pekee wakawa wanaweza kuandika. Ukiona mambo hayo mawili yanakuja pamoja, malipo kuchelewa na wanachama kuzibwa mdomo, usisubiri la tatu.

La tatu lilikuja katikati ya Desemba. Kwenye simu yake salio lilisoma 2,250,000, namba nzuri ya kijani. Alipobonyeza kutoa, akatakiwa kwanza atume kodi ya asilimia 15, shilingi 337,500, ndipo akaunti "ifunguke". Alikuja nyumbani jioni kuomba nimkopeshe hiyo. Nilimwambia, dada yangu, kodi ya faida hukatwa na anayekulipa. Benki ikikupa riba ya akaunti ya muda maalumu inazuia asilimia 10 kabla haijakupa, wala haikuombi ulete fedha nyingine kutoka nyumbani. Kama kweli wanazo milioni 2.25 zako, wakate humo wakupe zilizobaki. Alikaa kimya muda mrefu. Halafu akasema, "Lakini namba si hii hapa kaka, naiona." Namba kwenye skrini huandikwa na mwenye programu, na kuiandika hakumgharimu kitu.

Januari kundi likafunguliwa tena. Mmoja wa viongozi alidai naye kalizwa, na sasa anawasaidia wenzake kurudisha hasara kwa sarafu ya mtandaoni ambayo jina lake hakuna aliyewahi kulisikia. Wote wanunue pamoja, Jumamosi saa 2 usiku, bei itaruka. Na bei iliruka kweli. Sarafu yenye wauzaji wachache ni kama soko lenye debe moja la ndizi: watu mia wakiingia kwa mpigo, bei inapanda hata kama ndizi ni zile zile. Ila debe lilikuwa la nani? La yule aliyepanga saa. Alikuwa ameshanunua polepole siku zilizopita, na saa 2 na dakika kadhaa, wakati wengine wanapongezana kwa vikaragosi vya moto, yeye ndiye aliyekuwa anawauzia. Mtu anayekuita ununue kitu kisichojulikana kwa saa maalumu, muulize swali moja tu, yeye alikinunua lini. Na kabla ya kutia fedha ya maana, nunua cha elfu tano kisha jaribu kukiuza; sarafu nyingine zimetengenezwa zikubali kununuliwa tu. Shukuru Mungu dada alikuwa hana tena cha kuweka.

Nilikaa naye Februari tukapiga hesabu nzima, kwa sababu alikuwa bado anasema "angalau nilipata kidogo". Aliweka 2,000,000. Alipokea 450,000 za faida, na kamisheni 160,000 za wale wanne. Amepoteza 1,390,000. Kwenye hizo 160,000 alisita. Alikuwa hajawahi kujiuliza zilitoka wapi, na nilipochora mshale kutoka kwenye 400,000 ya wifi yake hadi kwenye 40,000 iliyoingia kwake siku ile ile, aliomba nikunje karatasi.

Sheria haijamdai chochote. Lakini tangu Machi, kila Jumamosi akifunga meza pale Memorial, anapitia kwa wifi yake na kumwachia 20,000, na amesema ataendelea hadi zifike 400,000. Wale wengine watatu hajajua atawaanzaje.