Koma ya pumzi na koma ya sarufi

"Mwalimu, katika taarifa yangu umefuta koma nyingi na nyingine umezigeuza nukta. Shuleni tulifunzwa kwamba koma ni kipumuo. Nimeisoma kwa sauti na hapo ndipo ninapopumua. Sasa kosa liko wapi?"

Sentensi yenyewe, kutoka taarifa ya mkutano wa wauza omena hapa Kisumu, ilikuwa hivi:

Wanawake wanaouza omena Dunga na wenzao waliotoka soko la Kibuye, walifika mkutanoni saa tatu, walikuwa na hasira, kiongozi wao alisema kwamba "sisi tumechoka kungoja", akaketi, akatoa daftari, akaanza kusoma.

Koma ya kwanza, baada ya Kibuye, ndiyo inayobishaniwa zaidi, na hoja yako ina mizizi. Katika shairi la mizani kumi na sita, koma hukata mshororo katikati, ukwapi ukaachana na utao, hata kama inaangukia kati ya kiima na kitenzi chake. Atakayesoma habari redioni naye anahitaji kujua pa kuvuta pumzi. Hati ya redio ningeiachia koma hiyo bila kusita.

Lakini taarifa ya kuchapishwa husomwa kimya, na jicho linatafuta nani alifanya nini. Kiima hapa ni maneno yote tangu "wanawake" hadi "Kibuye", na kitenzi chake ni "walifika". Koma moja kati yao inawatenga walioungana. Tazama methali tunavyoiandika: Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Ukiitamka unatua baada ya "mkuu", ila wengi hawaweki koma pale, kwa sababu kiambishi cha urejeshi katika "asiyesikia" kimeshakuonyesha kwamba kitenzi kikuu kiko mbele.

Mpaka wa sentensi ni jambo jingine, na hapo sina huruma. "Walifika mkutanoni saa tatu, walikuwa na hasira" ni sentensi mbili zilizofungwa kwa uzi usiozimudu. Mbona basi sikugusa "akaketi, akatoa daftari, akaanza kusoma"? Kwa sababu ya -ka-. Kitenzi chenye -ka- huegemea kilichotangulia. Ukimwambia mtu "akatoa daftari" bila kitu kabla yake, atakuuliza kilichotokea kwanza. "Walikuwa na hasira" inasimama yenyewe. Linganisha hizi mbili:

Mama alifungua mlango, paka akaingia.
Mama alifungua mlango, paka aliingia.

Ya kwanza ni sawa, ingawa watendaji ni wawili. Ya pili inataka nukta au kiunganishi, la sivyo urudi kwenye -ka-. Kanuni ya kwamba kila kitenzi kipya kinadai nukta haitufai, kwa kuwa ingeivunjavunja hadithi yoyote ya Kiswahili. Kwa sentensi yako kulikuwa na njia mbili: kuweka nukta, au kuandika "wakiwa na hasira" ili -ki- ibebe uhusiano. Nilichagua nukta kwa sababu hasira ile ilistahili sentensi yake.

Alama za usemi zilikuwa na tatizo dogo zaidi. "Kwamba" hufungua usemi wa taarifa, na humo "sisi" lazima igeuke "wao": alisema kwamba wao walikuwa wamechoka kungoja. Ukitaka sauti yake mwenyewe, ondoa "kwamba", weka koma, kisha alama za usemi na herufi kubwa. Wapo wanaotetea mchanganyiko wako wakisema unahifadhi maneno halisi. Ni kweli kwa neno moja au mawili, mfano: alisema kwamba bei hiyo ni "matusi". Kwa sentensi nzima yenye "sisi", msomaji anaweza kudhani mwandishi alikuwa miongoni mwa waliochoka.

Ikawa hivi:

Wanawake wanaouza omena Dunga na wenzao waliotoka soko la Kibuye walifika mkutanoni saa tatu. Walikuwa na hasira. Kiongozi wao alisema, "Sisi tumechoka kungoja," akaketi, akatoa daftari, akaanza kusoma.

Kuna mahali pamoja ambapo kufuta koma ya kiima kunaniumiza kichwa mimi pia. Andika "Wanafunzi waliosoma jana walifaulu." Je, walisoma jana, au walifaulu jana? Ukisema kwa mdomo, kituo kinajibu. Kwenye karatasi koma ingejibu vilevile, na ninaelewa kabisa anayeiweka. Mimi huhamisha neno: "Wanafunzi waliosoma walifaulu jana," au "Wanafunzi ambao jana walisoma walifaulu." Ya pili ni nzito kidogo mdomoni, lakini hata asiyeisoma kwa sauti anajua jana ni ya nani.