Kugeuza Vyanzo Kunatupa Mkondo wa Mzigo, Lakini Kunazificha Betri

Tuchukue betri mbili za sola zilizofungwa sambamba, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, zikilisha mzigo mmoja wa omu 1. Ya kwanza imejaa: bila mzigo inasoma volti 12.6, na ukinzani wake wa ndani, ukijumlisha waya na viunganishi, ni omu 0.05. Ya pili chaji imeshuka: volti 12.0, ukinzani omu 0.10. Tunataka kujua mzigo unapata ampea ngapi.

Mtu aliyefundishwa mizunguko miwili ya Kirchhoff ataandika milinganyo miwili na kuanza kuhangaika na alama za kutoa. Anayejua kugeuza vyanzo hatafuti yote hayo. Chanzo cha volti chenye ukinzani wa mfululizo kinaweza kubadilishwa kuwa chanzo cha mkondo chenye ukinzani uleule kando yake, sambamba. Mkondo wake ni volti kugawanya kwa ukinzani, na mshale wake unaelekea upande wa chanya. Basi betri ya kwanza inakuwa 12.6/0.05, yaani ampea 252, na ya pili 12.0/0.10, yaani ampea 120. Mishale yote inaelekea upande mmoja, kwa hiyo tunajumlisha: ampea 372. Ukinzani wa omu 0.05 na wa omu 0.10 vikiwa sambamba vinakuwa omu 0.0333. Sasa tunageuza kurudi kwenye volti: 372 mara 0.0333 ni volti 12.4. Betri mbili zimekuwa moja, na jibu ni mstari mmoja:

I = 12.4 / (0.0333 + 1) = 12 A

Uhalali wa hesabu hii unatokana na jambo moja tu: ukisimama kwenye ncha mbili zinazoshika mzigo, uhusiano wa volti na mkondo haubadiliki kabla na baada ya kugeuza. Hiyo ndiyo maana ya chanzo sawia. Helmholtz alilionyesha mwaka 1853, Thévenin, mhandisi wa simu za maandishi huko Ufaransa, akalifikia tena mwaka 1883 bila kumtegemea, na sura ya chanzo cha mkondo ikaja mwaka 1926 kwa Norton wa Marekani na Mayer wa Ujerumani, kila mmoja kwa upande wake.

Wanaoitetea njia hii husema ina kasi, na ni kweli, ila kwa swali la mzigo mmoja kasi hiyo ni ndogo kuliko inavyosifiwa. Ukiandika mlinganyo wa nodi, yaani mikondo yote inayokutana kwenye ncha ya chanya, unapata 252 + 120 = V × (20 + 10 + 1), ambapo 20, 10 na 1 ni moja kugawanya kwa kila ukinzani, na volti ya mzigo ni 372/31, yaani 12. Huo nao ni mstari mmoja, na tarakimu zake ni zilezile.

Faida halisi inaonekana mzigo unapobadilika. Mzigo ukishuka hadi nusu omu, sina haja ya kurudi kwenye betri: 12.4 kugawanya kwa 0.5333 ni ampea 23.25. Ukipanda hadi omu 2, ni ampea 6.1. Tena mzigo wenyewe si lazima ufuate sheria ya Ohm. Tuseme ni inveta inayovuta wati 120 wakati wote, hata volti zikipungua. Kwa chanzo sawia tunapata V(12.4 − V)/0.0333 = 120, mlinganyo wa kipeo cha pili, na jibu lake la maana ni volti 12.07 na mkondo wa ampea 9.94 hivi. Sharti ni kwamba upande wa vyanzo ndio uwe wa mstari nyoofu. Mzigo unaruhusiwa kuwa na tabia zake. Wanafunzi wengi hudhani sharti hilo linaufunga mzigo pia, na hivyo wanaiacha njia pale hasa inapofaa.

Kuna mtego wa kukadiria mapema. Mtu akiandika 0.03 badala ya 0.0333 anapata volti 11.16, kisha mkondo wa ampea 10.8. Kosa la asilimia 10, na hesabu nyingine zote ziko sawa. Bahati nzuri linajifichua lenyewe: betri zilizofungwa sambamba kwa upande mmoja haziwezi kutoa volti sawia iliyo nje ya 12.0 na 12.6. Ukiona 11.16, futa.

Upande wa pili wa shilingi una uzito zaidi kwa fundi. Mzigo wetu wa omu 1 unapata volti 12 kamili. Rudi sasa kwenye saketi ya awali uulize kila betri inatoa nini. Ya kwanza: (12.6 − 12)/0.05 ni ampea 12. Ya pili: (12.0 − 12)/0.10 ni sifuri. Betri ya pili haitoi kitu! Mzigo wote umebebwa na mwenzake, na chanzo sawia cha volti 12.4 hakina hata alama ya kukuonya.

Zima mzigo, na mambo yanazidi. Chanzo sawia kinasema mkondo ni sifuri. Ndani ya betri halisi, volti 0.6 za tofauti zinasukuma mkondo kupitia omu 0.15: ampea 4 zinatoka betri iliyojaa na kuingia iliyopungua. Ampea hizo zitashuka kadiri ya pili inavyochaji, lakini mwanzoni zipo, na wati 2.4 zinapotea kama joto kwenye ukinzani. Sura ya volti inatoa joto sifuri kwa hali hiyohiyo, na sura ya ampea 372 inatoa zaidi ya wati 4,600. Saketi tatu zinazofanana kabisa zikitazamwa kutoka nje, na majibu matatu ya joto la ndani, moja tu likiwa la kweli. Kwa hiyo anayetafuta ukubwa wa fyuzi ya kila betri, au sababu ya waya mmoja kuwa na moto zaidi, hana ruhusa ya kuishia kwenye chanzo sawia. Achukue volti ya mzigo aliyoipata, arudi nayo kwenye mchoro wa kwanza. Hatua hiyo ni fupi, na ningependa kuona maswali ya mitihani yakiidai, kwa sababu mengi huishia kwenye mkondo wa mzigo.

Zipo pia saketi ambazo njia hii inazikataa. Chanzo cha volti kisicho na ukinzani wowote wa mfululizo hakigeuki, maana mkondo wake ungekuwa hauna kikomo. Ukinzani wa mzigo nao usiumezwe ndani ya mageuzi: ukiuunganisha na vyanzo, mkondo unaoutafuta unatoweka kwenye mchoro, na tarakimu utakayopata itakuwa ya kitu kingine. Kali kuliko yote ni vyanzo tegemezi, kama vile vilivyo ndani ya kielelezo cha transista, ambapo mkondo wa tawi moja unaamuliwa na volti ya tawi jingine. Ukigeuza tawi linaloshika volti hiyo ya kuamua, umeifuta, na chanzo tegemezi kinabaki kikifuata kitu ambacho hakipo tena. Hapo mimi sianzi kugeuza. Naandika nodi moja kwa moja.