Tarakimu isiyosomeka kwenye kadi ya gari isijazwe kwa kukisia

Kwa miaka kadhaa nilifanya kazi katika ofisi ndogo ya wakala wa bima hapa Dar es Salaam, na sehemu kubwa ya siku yangu ilikuwa kufungua picha za kadi za magari zilizotumwa kwa WhatsApp na kuhamisha maelezo yake kwenye fomu yenye visanduku maalumu: namba ya usajili, namba ya chasisi, namba ya injini, aina ya gari, ujazo wa injini, mwaka wa kutengenezwa na jina la mmiliki. Wenzetu wa Kenya huiita kadi hiyo logibuku, lakini taabu ya kuisoma kwenye picha ni ileile. Maoni yangu, ambayo niliyatetea mbele ya mabosi wawili tofauti, ni kwamba tarakimu isiyoonekana vizuri iandikwe kuwa haionekani, hata kama mwandishi anaamini anaijua.

Nitaeleza kwa gari moja, Toyota IST, ambalo kila anayepita Kariakoo analijua. Kadi yake ilikuwa imepigwa lamineshani, ikapigwa picha usiku chini ya taa, na mwanga ukaakisi juu ya mstari wa chasisi. Kadi hiyohiyo ilikuwa imekunjwa kabla ya kupigwa lamineshani, na mkunjo ulipita katikati ya namba. Nilichoweza kukisoma kwa uhakika ni hiki:

```
chasisi: NCP6?-00?4519
ujazo:   1290
```

Magari yaliyotengenezwa kwa soko la ndani la Japani hayana ile namba ya kimataifa yenye alama 17. Toyota za aina hiyo zina msimbo wa modeli, kistari, kisha tarakimu saba za mfululizo. Kwa hiyo jambo la kwanza ni kuhesabu. Hapa baada ya kistari kuna nafasi saba, ukiihesabu na ile yenye alama ya kuuliza, basi hakuna tarakimu iliyomezwa na mkunjo. Wengi huruka hatua hii, na namba yenye tarakimu sita huingia kwenye fomu bila mtu kushtuka, kwa sababu jicho huona namba ndefu na kuridhika.

Alama ya kuuliza ya kwanza ilikuwa ama 0 ama 1. Anayeyafahamu magari haya atasema mara moja kwamba ni 0, kwa sababu IST yenye msimbo NCP60 hubeba injini ya 2NZ ya sentimita za ujazo 1298, na NCP61 hubeba 1NZ ya 1496, na kadi imesema 1290. Hoja hiyo ni sahihi na mimi mwenyewe niliifikia. Hata hivyo, hoja ya akilini haijawa kitu kilichoonekana kwenye picha, na anayeisoma fomu baadaye ana haki ya kujua lipi ni lipi. Ndiyo maana niliomba fomu iongezwe kisanduku cha pili kando ya kila namba, ambamo shaka huelezwa kwa maneno: «nafasi ya tano, 0 au 1, ujazo unaelekeza 0». Kisanduku cha kwanza kinabaki na alama ya kuuliza mpaka mtu aione tarakimu yenyewe.

Ujazo huohuo una mtego wake. Kadi nyingi nilizozishika zinaandika 1290 au 1490, kwa kuwa cheti cha kusafirisha gari nje ya Japani hutaja ujazo kwa lita, yaani 1.29 au 1.49, na tarakimu ya mwisho hupotea njiani. Kijana mwerevu anayejua kwamba injini ni 1298 anaweza kuona anaisahihisha kadi, kumbe anaifanya fomu ipingane na waraka ambao ndio msingi wake. Kadi imesema 1290, basi iandikwe 1290. Jina la mmiliki nalo ni vivyo hivyo: kama limeandikwa Saidi lisigeuzwe kuwa Said.

Sasa ile alama ya kuuliza ya pili. Ilikuwa tarakimu ya tatu baada ya kistari, 3 au 8, na upande wake wa kushoto ndio uliofunikwa na mng'ao. Hapa ujuzi wa magari hausaidii chochote, kwa sababu mfululizo ni hesabu tu ya gari lililotoka kiwandani, na namba hizi za Kijapani hazina tarakimu ya uhakiki ambayo mtu angeweza kuikokotoa ili ajue amekosea. Namba ya usajili ina nafuu zaidi: gari la kawaida huwa na T, tarakimu tatu, kisha herufi tatu, kwa hiyo kinachofanana na O katika nafasi ya tarakimu lazima kiwe sifuri, na kinachofanana na 8 mahali pa herufi huenda ni B. Lakini B na D, au 3 na 8, zikiwa katika nafasi ya aina moja, muundo hauwezi kuziamua.

Mwenzangu aliniambia nifungue rekodi ya mwaka uliotangulia. Nilifungua, na ilionyesha 3. Ofisini wote walipumua, mimi sikuridhika, kwani picha iliyohifadhiwa kwenye faili la mwaka huo ilikuwa ileile, yenye mkunjo uleule na mng'ao uleule. Aliyeandika 3 alikuwa ameangalia nilichokuwa ninaangalia mimi, na fomu yake haikuwa na mahali pa kuweka shaka, basi akachagua moja. Rekodi kama hiyo haithibitishi kitu. Inarudia tu kukisia kwa mtu wa kwanza.

Bosi wangu alilalamika kwamba wateja huchoka kuombwa picha mara mbili. Nakubali kwamba huchoka, hasa wanapoambiwa «picha haionekani, tuma nyingine» na kutuma nyingine mbaya kama ya kwanza. Ujumbe unaotaja mahali hasa penye tatizo huleta jibu tofauti. Nilimwandikia mzee mwenye gari hilo hivi: «Shikamoo baba. Kwenye namba ya chasisi, tarakimu ya tatu baada ya kistari haisomeki. Naomba uiweke kadi mezani kivulini mchana, uipige picha kwa juu bila flashi, kisha upige pia namba ya chasisi iliyogongwa kwenye bodi ya gari lenyewe.» Nilitaka ile ya bodi kwa sababu kadi ni nakala ya chuma, na chuma hakikunjwi.

Picha zote mbili zilifika kabla ya saa nane mchana. Nafasi ya tano ilikuwa 0, kama ujazo ulivyodokeza. Tarakimu ya tatu baada ya kistari ilikuwa 8, kwenye kadi na kwenye bodi. Kwa mwaka mzima gari hilo lilikuwa na bima kubwa iliyoandikwa kwa chasisi ya gari jingine, na mzee hakuwa na habari, kwa kuwa hakupata ajali wala hakudai fidia. Tuliandika barua ya kurekebisha rekodi ile siku hiyohiyo, na katika kisanduku cha shaka nikaandika tarehe, picha iliyotumika kuthibitisha, na kwamba 3 ya mwaka uliopita ilikuwa ya kukisia.