Mwenye hoteli Malindi akope kwa yuro?

Pale Malindi, mwenye nyumba ya wageni anayepokea Wataliano huishi na fedha mbili. Wakala wa Milano anamlipa yuro. Mpishi, mvuvi na bili ya stima wanataka shilingi. Mapema mwaka 2024 yuro moja ilikaribia shilingi 175, na kufikia katikati ya mwaka ilikuwa imeshuka hadi karibu 140. Mgeni ni yuleyule, kitanda kilekile, lakini sehemu ya tano ya mapato imeyeyuka njiani.

Benki ina dawa ya kuuza: mkataba wa kufunga leo bei ya yuro utakazoleta miezi sita ijayo. Wengi hapa huikwepa wakapendelea kinga ya asili, yaani kuhamishia gharama kwenye fedha ileile inayoingia. Tuipime kwa mfano wa kubuni.

Nyumba inaingiza yuro 200,000 kwa mwaka baada ya wakala kukata chake. Kwa bei ya 175 hizo ni shilingi milioni 35. Mishahara, chakula na stima ni milioni 21.5, na marejesho ya mkopo wa ujenzi ni milioni 10.5. Inabaki faida ya milioni 3. Yuro ikishuka hadi 140, mapato ni milioni 28 dhidi ya gharama zilezile za milioni 32, kwa hiyo hasara ni milioni 4.

Sasa tuseme mkopo ule ulichukuliwa kwa yuro, marejesho 60,000 kwa mwaka. Yanalipwa moja kwa moja kutoka akaunti ya yuro bila kupita dirisha la kubadilishia fedha. Zinabaki yuro 140,000, ambazo kwa bei ya 140 ni milioni 19.6. Hasara sasa ni milioni 1.9, chini ya nusu ya ile ya kwanza. Haijaisha, kwa sababu mishahara haihamishiki. (Kuna waliowahi kufikiria kulipa wafanyakazi kwa yuro. Huko ni kumtwika mpishi hatari ya tajiri wake. Unga na kodi ya nyumba yeye hulipa kwa shilingi.) Mishahara hukingwa kwa upande wa pili: wageni wa Nairobi wanaokuja Pasaka na Desemba, wanaolipa shilingi.

Hadi hapo kinga ya asili inapendeza. Lakini hoja inayotumiwa sana kuitetea, kwamba haina gharama wakati mkataba wa benki ni ghali, hapa inayumba. Bei ya mbele, yaani ile inayofungwa kwenye mkataba huo, hutokana na tofauti ya riba za fedha mbili. Februari 2024 riba ya Benki Kuu ya Kenya ilifika asilimia 13, na ya Benki Kuu ya Ulaya ilikuwa 4. Kwa pengo hilo, tukianzia 175, yuro ya miezi sita mbele kihesabu ilikuwa karibu 183, kabla benki haijakata faida yake. Anayeuza yuro mbele huongezewa. Anayelipishwa ni mwagizaji bidhaa, anayenunua yuro mbele. Na unafuu wa riba kwenye mkopo wa yuro ni pengo hilohilo limevaa kanzu nyingine. Kinachomkwamisha mwenye hoteli ndogo huwa si bei ya mkataba bali masharti: dhamana, na kiasi cha chini ambacho benki inakubali kushughulikia.

Udhaifu mkubwa wa kinga ya asili uko kwingine. Inafanya kazi mradi yuro zinakuja. Mwishoni mwa Machi 2020 Kenya ilisimamisha safari za ndege za abiria wa kimataifa, zikarejea Agosti. Aliyekuwa na deni la yuro wakati ule hakuwa na kinga tena, alikuwa na deni la fedha ya kigeni na vyumba vitupu. Mkataba wa benki nao ungemdai yuro asizokuwa nazo, ila huo huisha baada ya miezi sita. Mkopo ni wa miaka kumi.

Hata mwaka wa kawaida una mtego wake. Kusi likianza kuvuma Aprili wageni hupungua, na marejesho ya kila mwezi yanaendelea. Aliyegeuza yuro zake zote kuwa shilingi mwezi Machi atazinunua tena Mei, akipunjwa mara mbili. Ama ratiba ya mkopo ifuate msimu, ama yuro za kaskazi zibaki akaunti ya yuro hadi Julai.

Mimi naegemea kukopa kwa yuro, lakini kipimo kisiwe mapato ya mwaka mzuri. Achukue msimu mbovu anaoukumbuka, ukiacha ule wa korona, aone ziliingia yuro ngapi, na marejesho yasizidi nusu ya hizo. Zinazobaki, kama tayari kuna amana za wageni waliothibitisha, ndizo za kupeleka benki kufungiwa bei.