Sare nashona, ila niletee mtoto nimpime

Haya jamani, msimu umewadia. Nashona sare za shule ya msingi: shati jeupe la tetroni 10,000, kaptula 12,000, sketi ya bluu ya marinda 16,000. Bei hizo ni za kiuno cha inchi 20 hadi 26. Ukizidi hapo unaongeza 3,000, na usiniambie "mbona wako darasa moja?" Mimi sipimi darasa, napima kiuno. Kuna mama nilimwomba vipimo, akaniandikia, "Ni mwembamba mwembamba hivi." Sasa hiyo nikaitafute wapi kwenye futi?

Kesi kubwa ni sketi. "Kitambaa chenyewe kiduchu, 16,000 ya nini?" Shangazi, kimekunjwa hicho! Marinda yaliyoshikana kuzunguka kiuno chote yanakula kitambaa mara tatu. Kiuno cha 22 ni inchi 66, hapo sijaacha ya mshono, na kitambaa dukani kina upana wa inchi 60. Kwa hiyo naunga kipande, maungio nayazamisha ndani ya rinda. Ukitaka ya bei poa napunguza marinda, ila binti akishindwa kupandisha mguu kwenye daladala usinipigie simu.

Halafu kuna watu wa "acha nafasi, atakua." Naacha! Pindo inchi tatu, lastiki kiunoni kwa nyuma. Lakini baba mmoja alitaka kaptula ya la kwanza imfikishe la nne. Nikamuuliza, mtoto anaenda kusoma au anaenda kudeki? Na pindo likifunguliwa mwakani, ule mstari wa zamani utaonekana, kwa sababu bluu iliyofichwa ndani haikupigwa jua. Kadai jua.

Advansi ni nusu, tena kabla sijashika mkasi. Msimu uliopita walinijaa wa "anza tu fundi, hela iko njiani." Nikaanza. Nikabandika na nembo za shule mifukoni. Wenyewe wakahamisha watoto, mimi nikabaki na mashati yenye nembo ya shule ambayo hata njia ya kuiendea siijui. Nimuuzie nani? Shati tupu ningeuza. Ukishabandua nembo, pale mfukoni panabaki vitobo vya sindano. Ndiyo maana siku hizi nembo ni ya mwisho, baada ya kumaliziwa hela.

Oda nafunga Desemba 15. Januari 3 njoo na mtoto ajaribu, pakibana nipate siku za kurekebisha kabla shule hazijafunguliwa. Wewe unayekuja na kitambaa Jumapili jioni, Jumatatu mtoto anatakiwa mstarini, ukikuta umeme umekatika unaniangalia mimi kama ndiye nimeuzima. Cherehani ya kukanyaga ninayo, itashona. Overloki ndiyo inataka umeme, na bila overloki kingo zitafumuka kwenye kufua kwa pili tu, kisha mtaa mzima utasikia fundi ni mwizi.

Wa mbali nawapelekea kwa bodaboda, nauli juu yako. Na nguo haitoki hapa kabla nusu ya pili haijaingia, hata ukiniambia dereva ni shemeji yako.