Kigaga cha rangi ya asali: mwalimu hakumwonea mtoto

"Mwalimu amemrudisha mwanangu nyumbani kwa sababu ana kidonda chenye kigaga cha njano karibu na mdomo. Ni kidonda cha homa tu, hata mimi hunitoka. Si amemwonea?"

Mwalimu anashuku impetigo, maambukizi ya ngozi yanayoletwa na bakteria, nami namtetea; lakini hoja ya mzazi ina uzito. Kidonda cha homa huletwa na virusi vya herpesi aina ya kwanza, na Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu bilioni 3.8 walio chini ya miaka 50 wanavyo. Wengi walivipata utotoni, na virusi hivyo hutoka kwenye mate hata siku ambazo hakuna kidonda. Kumfungia mtoto nyumbani kwa hilo hakuzuii mengi, na kwa kawaida miongozo ya afya shuleni haimtaki mtoto wa rika la shule akose masomo kwa kidonda cha homa. Tena kidonda cha homa nacho kikikauka huweza kuwa na kigaga cha njano. Rangi peke yake haimpi mwalimu ushindi.

Kinachompa ushindi ni jinsi kidonda kilivyoanza na kinakoelekea.

Kidonda cha homa hubisha hodi kabla ya kuingia. Mdomo huchonyota au huwaka kwa saa kadhaa, kisha malengelenge madogo hujikusanya mahali pamoja, mara nyingi pale ngozi ya uso inapokutana na mdomo wenyewe. Huuma. Kikirudi, hurudi palepale au jirani yake, na kwa siku saba hadi kumi huwa kimekwisha.

Sasa mtazame mtoto wa miaka sita aliyetoka kwenye mafua, chini ya pua pamechubuka kwa kupangusa kamasi. Jumatatu kuna doa jekundu dogo. Jumanne lengelenge limepasuka kabla mtu hajaliona, na pale panatoka majimaji. Jumatano yamekauka na kuwa kigaga cha dhahabu, kama asali iliyomwagika ikaachwa igande. Hakimuumi sana, kinamwasha, kwa hiyo anakibandua kwa ukucha. Ijumaa kuna kingine kidevuni na kimoja kwenye kidole kilekile anachokunia, na mdogo wake anayejifutia taulo moja naye ana doa shavuni. Hiyo ni impetigo. Ni bakteria, hasa stafilokoki na streptokoki, na stafilokoki huishi ndani ya pua za watu wengi bila kuwadhuru mpaka ngozi ipate mchubuko.

Huo ukucha ndio unaonifanya nimtetee mwalimu. Darasani mtoto huyu atajikuna, atashika penseli, atampa mwenzake, na mwenzake ana mchubuko gotini. Mzazi humwona mtoto mmoja mwenye kidonda kimoja, mwalimu anaona mikono ya darasa zima. Na anachoomba si kikubwa: miongozo humrudisha mtoto shule saa 24 mpaka 48 baada ya kuanza antibiotiki, au pale vidonda vyote vikishakauka na kupona. Mtoto akipelekwa kliniki siku ileile, hukosa siku moja au mbili. Akingojewa kwa wiki nzima "homa imalize kutoka", hukosa wiki, na mara nyingi mdogo wake humfuata.

Kungoja kunapoteza muda kwa njia nyingine pia, kwani watu hupaka dawa isiyohusika. Asikloviri ya kidonda cha homa haiui bakteria. Krimu ya steroidi hupunguza wekundu huku maambukizi yakiendelea. Impetigo ya vidonda vichache hulainishwa kwa maji ya uvuguvugu, vigaga vikaondolewa taratibu, kisha hupakwa dawa kama mupirosini au asidi ya fusidi mara tatu kwa siku, kwa kawaida siku tano. Vikiwa vingi, au mtoto akiwa na homa, ni dawa ya kunywa anayoiandika daktari. Taulo lake liwe lake, na kucha zikatwe.

Kuna hali moja inayowapa haki wote wawili: kidonda cha homa kilichokunwa hadi bakteria wakaingia. Kilianza kwa kuchonyota, kisha siku ya nne kikaanza kuvuja na kutawanyika. Hapo mzazi alikuwa sahihi Jumatatu na mwalimu sahihi Alhamisi, na kwa shule kinachohesabika ni cha Alhamisi. Daktari akisita, hupitisha pamba kwenye majimaji na kuipeleka maabara.

Uso ukivimba asubuhi, au mkojo ukawa mweusi kama chai ya rangi, hata wiki mbili au tatu baada ya vidonda kukauka, mtoto arudi kwa daktari siku hiyohiyo. Ni nadra, lakini streptokoki wa ngozi wanaweza kuacha uvimbe kwenye figo, na dawa ya vidonda haijathibitika kuuzuia.